Mstari hafifu uliopigwa picha baada ya tarawehe: uchambuzi wa kisa kimoja Lamu

Picha iliniingia kwenye simu usiku, nikiwa nimetoka zamu. Ilikuwa ya kijiti cha kupimia mimba, kile cha karatasi kinachouzwa kimoja kimoja maduka ya dawa, ila rangi zake zilikuwa zimegeuzwa: karatasi nyeupe imekuwa nyeusi, na mstari wa juu unang'aa kama taa. Chini yake mtu alikuwa amechora duara jekundu, na ndani ya duara nikaona kitu kama uzi mwembamba wa kijivu. Ujumbe ulisema: "Sista, hapa pana mstari au ni macho yetu tu?"

Aliyeuliza hakuwa mwenye kijiti. Alikuwa wifi yake, jirani yangu wa Langoni. Mwenyewe ni mke wa kaka yake, ameolewa Matondoni, na Ramadhani ile alikuwa amekuja mjini kukaa na mavyaa wake. Ameniruhusu kuandika habari hii ila jina lake nisiliweke, na sitaliweka.

Jambo la kwanza nililomwambia wifi ni kwamba picha ile siwezi kuisoma. Nilijua anataka jibu moja, ndiyo au la, na kumnyima jibu usiku kama ule si jambo dogo. Lakini alikuwa amefuta kile hasa ninachokitafuta. Kwenye vijiti vya aina ile, mstari unapakwa rangi na chembe ndogo sana za dhahabu, ambazo zikiwa hivyo huonekana waridi iliyokolea au zambarau. Chembe hizo zimebeba kingamwili zinazoshika homoni ya mimba, hCG. Mkojo unapopanda kwenye karatasi huzibeba, na zilizoshika homoni hunaswa pale penye mstari wa kipimo, T. Zinazobaki huendelea juu hadi mstari wa C, ule wa kuonyesha kwamba kijiti kimefanya kazi, ambao huzinasa hata kama hazina homoni. Kwa hiyo swali la mwanzo la mstari hafifu ni la rangi: je, ni waridi? Ukigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, au iwe kinyume chake, umeondoa rangi na kubaki na kivuli. Filta ya simu hukuza kila tofauti ndogo ya mwanga, hata mkwaruzo wa karatasi, na mfereji mwembamba palipopakwa kingamwili kiwandani hugeuka mstari mbele ya macho yako.

Nikamwomba picha ya asili, isiyoguswa, na aitume kwa njia ya "Document" badala ya kuituma kama picha. WhatsApp ikipokea picha ya kawaida huibana ili iwe nyepesi, na mabadiliko madogo ya rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Tena huipa jina jipya. Faili ya asili ilipofika, jina lake lilikuwa hili:

`IMG_20240318_210642.jpg`

Tarakimu sita za mwisho ni saa: 21:06:42, yaani saa tatu na dakika sita usiku. Nikamuuliza, "Kijiti kilichovywa saa ngapi?" Akaenda kuuliza, akarudi: baada ya kufuturu, kabla ya adhana ya isha. Tuseme saa moja na dakika ishirini hivi. Walikichovya wakaona mstari mmoja tu, wakakiweka juu ya dirisha, wakaenda kusali. Waliporudi kutoka tarawehe wakakiangalia tena na kuona kitu. Picha ilipigwa wakati huo, saa moja na dakika arobaini na zaidi baada ya kuchovya.

Maelekezo ya pakiti yalisema jibu lisomwe kwa dakika tano, na baada ya dakika kumi lisihesabiwe. Kuna sababu. Mkojo ukikauka kwenye karatasi huacha alama pale penye mstari wa kipimo hata kama hakuna homoni iliyonaswa: mstari mwembamba wa kijivu au usio na rangi. Mimi nauita mstari wa mkauko. Kwenye picha ya asili niliweza kuukuza. Taa ya pale ndani ilikuwa ya manjano, kwa hiyo karatasi nzima ilikuwa kama chai ya maziwa, na sikuweza kuapa kama ule uzi ni kijivu au ni waridi iliyochafuliwa na taa. Lakini hata ungekuwa waridi kabisa, kwa saa ile usingenipa jibu. Kijiti kile kilikuwa kimekufa kabla hakijapigwa picha.

Hapo wifi akanipa maelezo yake mwenyewe. Alisema ni kivuli tu, kwa sababu mke wa kaka yake alikuwa amepata hedhi juma lililopita, na alikula siku mbili. Mwezi ule wanawake huwa na hesabu nzuri ya tarehe, maana kila siku ya damu ni siku ya kulipa. Nikamwambia ampe simu mwenyewe.

Alikuwa na sauti ya chini, mwenye haya. Nikamuuliza ile damu ilikuwaje. Akasema haikuwa nyingi, ilikuwa ya kahawia, matone, tarehe 14 na 15 Machi, kisha ikakatika. Hedhi yake ya kawaida huchukua siku tano, na ya kabla ya hiyo ilianza tarehe 9 Februari. Mzunguko wake ni wa siku 28, haupotei. Hedhi ilipaswa kuja tarehe 8 Machi. Basi matone ya kahawia ya siku mbili, yaliyokuja siku sita baada ya tarehe yake, mimi sikuyahesabu kuwa hedhi. Niliandika kwenye daftari: siku ya 38 tangu hedhi ya mwisho ya kweli, matone, kijiti hakisomeki.

Nikamuuliza maswali mawili mengine ambayo siyaachi kamwe kwenye mstari hafifu. Je, miezi ya karibuni mimba imewahi kuharibika, au amejifungua? Je, amechomwa sindano yoyote ya kusaidia kupata mtoto? Homoni huweza kubaki mwilini kwa majuma baada ya mimba kutoka, na baadhi ya sindano za kupevusha mayai ni hCG yenyewe, kwa hiyo kijiti huonyesha mstari bila mimba mpya. Yote mawili akasema hapana.

Kipimo kikarudiwa kesho yake, na hapa Ramadhani ikabadili ushauri wa kila siku. Kwa kawaida tunasema pima kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa kuwa umekaa usiku kucha na umekolea. Lakini mtu aliyekunywa maji mengi wakati wa daku, mkojo wake wa asubuhi ni mwepesi. Baada ya futari, akishashushia maji, uji na sharubati ya ukwaju, ni mwepesi zaidi, na ndivyo alivyopima mara ya kwanza. Kwa aliyefunga, mkojo mzito zaidi ni wa alasiri, kabla ya magharibi. Nikamwambia apime saa kumi na moja na nusu jioni, kwa kijiti kipya cha aina ileile, na asikizamishe kupita alama ya mshale.

Kuhusu picha nilimwelekeza hivi. Kijiti kilazwe juu ya karatasi nyeupe isiyo na mistari, karibu na dirisha lakini si juani, bila flashi, kwa kuwa flashi huunguza weupe na mstari hafifu hupotea ndani yake. Simu iwe juu moja kwa moja, maana ukipiga kwa upande, ukingo wa karatasi hutupa kivuli. Na kando ya kijiti iwekwe saa ya mkononi, ili picha yenyewe ishuhudie muda.

Tarehe 19 picha ikaja, na ilikuwa picha nzuri. Saa ya mkononi ya mume ilionyesha dakika nne tangu kuchovya. Mstari wa C umekolea kama maji ya rosela. Chini yake, pale penye T, palikuwa na mstari wa waridi, hafifu katika rangi lakini upana wake sawasawa na wa juu, umevuka karatasi kutoka ukingo hadi ukingo. Huu haukuwa mkauko. Mstari wa mkauko mara nyingi huwa mwembamba kuliko wa C na hauna rangi. Huu ulikuwa na rangi, na ulitokea ndani ya muda. Nikawaambia wazi: hCG ipo. Hafifu au mzito, mstari wenye rangi ndani ya muda ni ndiyo.

Nilisikia vigelegele vya mavyaa nyuma ya simu. Lakini mimi sikuwa na utulivu.

Watu wengi wakiona T ni hafifu kuliko C husema "mimba bado changa," na mara nyingi ni kweli. Mwanamke aliyepima siku moja au mbili baada ya hedhi kukosa, mstari hafifu ni wa kutarajiwa. Vijiti vingi vya madukani huanza kuonyesha homoni ikifika 25 mIU/ml, na mimba changa inayokwenda sawa hupita hapo ikipanda kwa kasi, karibu kuongezeka maradufu kila siku mbili au tatu. Ila huyu hakuwa siku ya pili. Alikuwa siku ya 39, siku kumi na moja baada ya tarehe ya hedhi, na amepima kwa mkojo mzito wa mtu aliyefunga. Mimba ya tarehe hizo kwa kawaida huwa na homoni kwa mamia, hata maelfu, na kijiti huonyesha mstari mzito bila mtu kuukodolea macho. Mstari uleule hafifu una maana moja siku ya 29 na maana nyingine siku ya 39, na picha haikuambii ni siku gani.

Maana zilizobaki mbele yangu zilikuwa tatu. Huenda yai lilichelewa kupevuka mwezi ule, basi mimba ni changa kuliko tarehe inavyosema, na hakuna ubaya. Huenda mimba ilishika ikaanza kutoka, na homoni inashuka. Au imetunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija, ambako homoni hupanda kwa kusuasua. Yale matone ya kahawia yanaweza kukaa kwenye zote tatu. Nilimwuliza kuhusu maumivu, akasema hana.

Nilimpangia kipimo cha damu na kingine cha kijiti baada ya saa 48, na nikamwambia bila kuficha: ukisikia maumivu upande mmoja wa tumbo la chini, au kizunguzungu, au maumivu yasiyoeleweka kwenye ncha ya bega, usipime tena, usipige picha, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Maumivu ya bega huwashangaza watu. Damu ikivuja ndani ya tumbo huweza kufika chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo na kuukera mshipa wa fahamu ambao maumivu yake husikika begani. Nilimwomba pia asirudi Matondoni kwa sasa. Mrija ukipasuka kila dakika ina thamani, na kutoka kule usiku ni kusubiri pikipiki au boti.

Tarehe 21 jioni picha ya tatu ikafika. Saa ileile, karatasi ileile, dakika tano. Nikaziweka picha mbili pamoja kwenye skrini na kuzitazama kwa muda mrefu. Sikuona tofauti.

Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu watu hupanga vijiti vya siku kumi kwenye kitambaa na kujiamulia hatima ya mimba. Kijiti si mizani. Ukolezi wa mkojo hubadilika kila siku, kijiti kimoja huweza kuwa na rangi kidogo kuliko mwenzake, na kamera hujirekebishia mwanga yenyewe bila kukuuliza. Wala T hailinganishwi na C kana kwamba C ni mia kwa mia. C hunasa kingamwili zenye rangi zilizobaki, haipimi homoni. Vijiti viwili visivyotofautiana havithibitishi kuwa mimba imekwama. Kilichonisukuma ni vijiti hivyo viwili pamoja na tarehe na matone. Nikamwambia kipimo cha damu kisisubiri, kifanyike kesho.

Asubuhi ya tarehe 22 wifi alinipigia kabla sijatoka nyumbani. Mgonjwa ameamka na maumivu upande wa kulia, si makali, kama mtu anayevutwa na uzi. Alikuwa bado anajiuliza kama afungue saumu. Mavyaa wake ndiye aliyekata shauri: "Mwanangu, mgonjwa halazimiki. Kunywa maji, tuondoke." Walikwenda hospitali kwa miguu, polepole, wifi amemshika mkono.

Damu ilionyesha hCG 118 mIU/ml. Altrasaundi haikuonyesha kitu: mji wa mimba mtupu, mirija haionyeshi lolote. Altrasaundi tupu kwa namba hiyo haimaanishi hakuna mimba. Kifuko cha mimba ndani ya mji huanza kuonekana kwa uhakika homoni ikishapita elfu moja na mia kadhaa, hata elfu tatu na zaidi. Chini ya hapo, mimba ipo lakini mahali pake hapajulikani, na mgonjwa hapaswi kuambiwa "hakuna kitu, nenda nyumbani." Daktari hakumwambia hivyo. Presha na mapigo ya moyo vilikuwa sawa, akamruhusu kukaa mjini na kurudi baada ya saa 48.

Tarehe 24 namba ilikuwa 141. Imepanda, na wifi akafurahi, "Si inapanda?" Nilimwonyesha hesabu kwenye kipande cha karatasi: 141 toa 118 ni 23, na 23 kwa 118 ni kama asilimia 19. Mimba inayokaa vizuri ndani ya mji, ikiwa kwenye namba ndogo kama hizo, hutarajiwa kupanda kwa karibu asilimia 50 au zaidi kwa siku mbili. Mimba inayotoka, kwa upande mwingine, hushuka. Hii haikufanya moja wala nyingine, ilikuwa inakokotwa.

Siku mbili baadaye, tarehe 26, ilikuwa 163. Safari hii altrasaundi ya ndani, ile inayoingizwa ukeni, ilionyesha uvimbe mdogo kando ya ovari ya kulia, umetengana nayo, na mji wa mimba bado mtupu. Mimba ilikuwa kwenye mrija, na mrija ulikuwa haujapasuka. Kwa kuwa alikuwa imara, uvimbe mdogo na homoni chini, na vipimo vya ini, figo na damu vilikuwa sawa, alichomwa sindano ya methotreksati badala ya kupasuliwa. Dawa hiyo huzuia seli za mimba kugawanyika, kisha mwili huziondoa taratibu.

Alilia pale kitandani, na mavyaa wake alilia naye. Mimba hii ilikuwa imesubiriwa miaka mitatu.

Namba hupandapanda siku za kwanza baada ya sindano, na asiyejua huogopa. Siku ya nne ilikuwa 170. Siku ya saba ikawa 131. Kinachotazamwa ni kati ya siku hizo mbili, ambapo inatakiwa kushuka angalau asilimia 15, na yake ilishuka asilimia 23. Baada ya hapo akapimwa kila juma.

Siku ya Idi, tarehe 10 Aprili, simu yangu ikaingia picha. Karatasi nyeupe, mwanga wa dirishani, saa ya mkononi kando, dakika tano. Imetumwa kama "Document". Mstari wa T ulikuwepo, waridi, hafifu sana. Alikuwa amepima kwa siri bila kumwambia hata wifi yake, na ujumbe wake ulikuwa wa maneno mawili: "Shangazi, ndiyo?"

Hajawahi kuniita shangazi kabla ya siku ile. Nilimpigia badala ya kuandika. Nilimwambia picha umeipiga vizuri kabisa, mstari ni wa kweli, na ni mabaki ya mimba ileile. Siku mbili kabla damu yake ilikuwa 64, na kijiti huona kuanzia 25. Si mimba mpya, na kwa dawa aliyochomwa asishike nyingine kwa miezi mitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mstari utafutika lini. Nikamwambia kijiti kitaacha kuuonyesha kabla damu haijafika sifuri, kwa hiyo asikifuate kijiti, aje tumpime damu.

Tarehe 15 Aprili ilikuwa 21. Tarehe 22 cheti cha maabara kilisema chini ya 5. Jioni ile alirudi Matondoni kwa boti, na wifi yake alimsindikiza hadi gatini.